Ushauri: Madumu 150 kwa bei ya chini, nikubali au nikatae?



*Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Katesh, wilayani Hanang. Dumu la lita 20 nauza shilingi 96,000, na kwa mwezi natoa madumu kama 50. Siku mbili kwa wiki nawakamulia watu alizeti zao kwa malipo. Siku nyingi zilizobaki mashine imelala, maana sasa ni katikati ya Februari na alizeti mpya ni hadi Juni.*

*Juzi alikuja mfanyabiashara anayepeleka vyakula kwenye shule za bweni upande wa Haydom na Dongobesh. Anataka madumu 150 kwa 78,000 kila moja, ndani ya wiki 3. Gari ni lake. Malipo ni baada ya siku 60, shule zikishamlipa.*

*Nimepiga hesabu ya dumu moja. Alizeti kilo 80 kwa 800 ni 64,000. Dumu tupu na lebo 4,500. Umeme 2,400. Vibarua, ambao nawalipa kwa dumu, 1,600. Mshahara wa fundi na mlinzi 5,500. Kodi ya banda 3,000. Uchakavu wa mashine 2,700. Riba ya mkopo wa mashine 2,000. Jumla 85,700. Mashudu sijayaweka, ile ni hela ya mboga: nauza 300 kwa kilo kwa wafugaji, ila yakiwa mengi mnunuzi wa jumla kutoka Babati hutoa 220.*

*Ghalani nina tani 20 za alizeti nilizonunua Julai kwa 800 kilo. Leo ukitaka kununua ni 1,000 ikifika ghalani, ushuru ukiwa ndani. Wachuuzi wa Singida wananunua mlangoni kwangu kwa 950.*

*Mume wangu anasema kila dumu tutapoteza 7,700, yaani zaidi ya milioni moja kwa oda nzima. Mdogo wangu anayesoma uhasibu anasema mshahara na kodi tunalipa hata mashine ikilala, kwa hiyo gharama ya kweli ni 72,500 na kila dumu litatuachia 5,500. Nani yuko sahihi?*

*Mama Mashine, Katesh*

Mama, hakuna aliye sahihi, ingawa mdogo wako amekaribia. Ukimfuata mumeo utakataa oda ambayo kwa masharti fulani ina faida. Ukimfuata mdogo wako utaipokea kama ilivyo, na kama ilivyo itakutia hasara. Nikueleze kila mmoja ameteleza wapi, kisha tuipige hesabu upya.

Swali ulilonalo si dumu moja linagharimu kiasi gani. Hilo ni swali la mwisho wa mwaka, unapotaka kujua kama biashara nzima inalipa. Leo unauliza jambo jingine: kati ya sasa na Juni, mfuko wako utakuwa na kiasi gani ukikubali, na kiasi gani ukikataa? Shilingi inayotoka kwenye njia zote mbili haina kazi kwenye uamuzi huu. Shilingi inayotoka au kuingia kwenye njia moja tu ndiyo ya kuandika. Wahasibu huziita hizo gharama husika, na mara nyingi si zile zilizo kwenye daftari.

Anza na hesabu ya mumeo. Fundi wako ana mshahara wa mwezi, na mlinzi pia. Mwenye banda atadai kodi yake uwe umekamua madumu 50 au 200. Riba ya mkopo wa mashine ilishafungwa siku uliposaini karatasi. Hizo zote utazilipa hata huyu bwana akirudi Haydom mikono mitupu, kwa hiyo kuzigawa kwenye madumu yake ni kumtwisha mzigo ambao hakuuleta. Hapo mdogo wako yuko sawa kabisa.

Uchakavu uugawe mara mbili. Sehemu kubwa ni miaka tu inayopita, na mashine itazeeka hata ikikaa kimya. Lakini parafujo lile la ndani linalosukuma mbegu, na vyuma vinavyolizunguka, haviliki kwa miaka, vinalika kwa tani. Wewe mwenyewe unajua kila baada ya tani ngapi unamwita fundi wa kuchomelea. Nimechukulia ni tani 60, na kwamba anadai 300,000. Basi kila tani inakula 5,000, na tani 12 za oda hii zitakula 60,000. Ni kiasi kidogo, lakini ni cha kweli, na ndicho pekee kutoka kwenye ule mstari wa uchakavu kinachohusika hapa. Kama kwako fundi huja mapema zaidi, badilisha tarakimu.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Yeye ameondoa gharama za kudumu, akaacha zinazobadilika, akafunga daftari. Hivyo ndivyo mfano wa kwanza darasani unavyokwenda. Tatizo ni kwamba ameiacha alizeti kwa bei ya Julai.

Zile 800 ulizolipa Julai zimekwenda. Hakuna uamuzi utakaoufanya leo utakaozirudisha au kuziongeza. Kilichobaki ghalani ni mbegu, na gharama ya kuitumia mbegu hiyo ni kile utakachokikosa kwa kuitumia. Anayeweka vitunguu saumu kule Mbulu analijua hili bila kufundishwa: akiwa amenunua bei ya chini na soko likapanda, hamwuzii mtu kwa bei aliyonunulia eti kwa sababu ndiyo aliyoandika. Na soko likishuka, bei aliyonunulia haimsaidii kitu. Kwenye alizeti watu wanasahau kwa sababu mbegu inapita kwenye mashine kabla ya kuuzwa, na njiani bei ya soko inapotea machoni.

Je, utakikosa nini hasa? Hapa inabidi kuhesabu tani. Hadi katikati ya Juni kuna miezi 4. Kwa madumu 50 kwa mwezi, wateja wako wa kawaida watachukua madumu 200, na kwa kilo 80 kila moja hizo ni tani 16. Una tani 20. Kwa hiyo tani 4 ni ziada ambayo bila oda hii ungeiuza tu. Ukizitumia kwa oda, unachokosa ni bei ya wachuuzi wa Singida, 950 kwa kilo, yaani 3,800,000.

Lakini oda inataka tani 12. Zile 8 zilizobaki unazitoa kwenye fungu la wateja wako, na itabidi uzinunue upya. Hizo gharama yake si 800 wala 950, ni 1,000, bei ya kuifikisha ghalani leo. Jumla 8,000,000. Ukijumlisha na ile ziada, alizeti ya oda hii inakugharimu 11,800,000, wakati kwenye hesabu ya mdogo wako ni 9,600,000. Tofauti ni 2,200,000, na ile faida yake ya 5,500 kwa dumu haikuwa hata nusu ya kiasi hicho.

Kama tungeishia hapo ningekuambia ukatae. Alizeti peke yake imepita bei anayotoa. Lakini kuna hela ya mboga.

Kilo 80 za alizeti zikitoa lita 20, mafuta hayo yana uzito wa kilo 18 na ushee, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukitoa takataka, unyevu na masimbi, mashudu yanayobaki ni kama kilo 56. Kwa bei ya 300 unayouzia wafugaji, kila dumu lako linaleta karibu 17,000 ambazo hazijawahi kuonekana kwenye daftari. Wamiliki wengi wa mashine hufanya hivyo, na ndiyo maana daftari linasema mtu anakaribia hasara huku nyumba ikijengwa. Kuanzia leo yaandike, hata kama fedha itaendelea kwenda kwenye mboga.

Kwa oda hii lakini usiyapigie 300. Utakuwa na tani 8.4 za mashudu kwa mkupuo, tena wakati wa mvua, nyasi ziko kila mahali na mfugaji wa Hanang hana haraka ya kununua. Wateja wako wa 300 watachukua kile kile wanachochukua siku zote. Ya ziada yatakwenda kwa yule wa Babati kwa 220. Hiyo ni 1,848,000.

Tuziweke pamoja. Kwa upande wa kuingia, madumu 150 kwa 78,000 ni 11,700,000, na mashudu 1,848,000, jumla 13,548,000. Kwa upande wa kutoka, alizeti 11,800,000, madumu na lebo 675,000, umeme 360,000, vibarua 240,000, kulika kwa parafujo 60,000. Jumla 13,135,000. Kinachobaki ni 413,000. Kwa dumu ni kama 2,750.

Kwa hiyo oda inalipa, ila kwa uzi mwembamba. Bei ya chini kabisa ambayo hupati wala hukosi ni kama 75,250 kwa dumu. Andika namba hiyo mahali ambapo mteja hataiona.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba siku za mashine ni za bure. Si zote. Mashine ya aina yako ikifanya kazi siku nzima hukamua kama tani moja, kwa hiyo oda ni siku 12. Anataka ndani ya wiki 3, nazo zina siku 18 za kazi. Wateja wako wa kawaida wanahitaji siku 3 humo, na wale unaowakamulia kwa malipo wanahitaji 6. Ukijumlisha ni siku 21. Siku 3 hazipo, na watakaokosa nafasi ni wale wa malipo, kwa kuwa ndio unaoweza kuwaambia waje wiki ijayo. Baadhi yao hawatakuja wiki ijayo, wataenda kwa jirani. Kama siku ya kuwakamulia inakuachia 60,000 baada ya umeme na vibarua, umeshapoteza 180,000, na zile 413,000 zimebaki 233,000.

Hii nayo ni gharama ya oda, ingawa hakuna risiti itakayoionyesha. Angalia wenye kombaini kule Basotu wakati wa ngano. Foleni ikiwa ndefu hakuna anayekubali kuvunia mtu kwa bei ya chini, hata kama mafuta na dereva vimelipwa, kwa sababu kila ekari anayovuna kwa huyu ni ekari anayomnyima yule. Kombaini hiyo hiyo ikikaa bila kazi, mwenyewe ana sababu ya kukusikiliza. Chuma ni kile kile, na mkopo wake ni ule ule. Kilichobadilika ni nani mwingine anakisubiri.

Dawa ya hili si ngumu. Omba wiki 5. Ndani ya wiki 4 kila mtu anaingia lakini bila hata siku moja ya akiba, na wewe unajua umeme unavyokatika mvua zikishika. Wiki ya tano ni ya kukatika kwa umeme. Shule hazili madumu 150 kwa siku moja, kwa hiyo mwambie aje achukue kwa mafungu.

Sasa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo litakaloamua, nalo si bei. Ni zile siku 60.

Ukimpa mafuta sasa na kulipwa mwishoni mwa Aprili, una njia mbili. Ya kwanza, ununue leo zile tani 8 za kuziba pengo, kwa fedha ya kukopa. Ukijumlisha na madumu, umeme na vibarua, kisha ukatoa mashudu, unahitaji kama 7,400,000. Kama kikundi chenu kinatoza asilimia 3 kwa mwezi, miezi miwili ni 444,000. Faida yote imekwenda na umeongeza kidogo cha kwako. Tazama kwamba riba hii ni tofauti na ile ya mkopo wa mashine: ile ingelipwa kwa vyovyote, hii haipo kabisa kama oda haipo. Mstari wa riba kwenye daftari unaweza kuwa na shilingi za aina zote mbili, na jina halikusaidii kuzitenganisha.

Njia ya pili ni kutokopa. Tani 8 zinazobaki ghalani zinakutosha miezi miwili, akilipa ndipo ununue nyingine. Hii inavutia, na nahisi ndiyo mdogo wako atakayoitetea. Lakini hapo utanunua alizeti mwishoni mwa Aprili na Mei, wakati maghala yamekauka na mpya bado iko shambani. Zile 413,000 ukizigawa kwa kilo 8,000 ni shilingi 52 hivi. Bei ikipanda kutoka 1,000 hadi 1,052 tu, umefanya kazi ya bure. Ikifika 1,100, umetoa karibu laki 4 zako kuwalisha wanafunzi wa watu. Na hapo bado nimechukulia kwamba atalipa siku ya 60 kweli, si siku shule zitakapomlipa. Anayekusanya ada za bweni hukusanya kwa awamu, na wewe utakuwa mtu wa mwisho kwenye mstari.

Kwa hiyo mkopo wa siku 60 haukubaliki kwa bei hii. Si kwamba mtu huyo ni mbaya, ila bei aliyotaja ni ya fedha taslimu. Akitaka muda, aununue: kwa wastani wa shilingi 3,000 juu ya kila dumu ndipo riba ya kukopa inapofidika, na bado hatari ya kutolipwa inabaki kwako. Mimi ningependelea nusu kabla ya kuwasha mashine na nusu kila fungu linapopakiwa. Ile nusu ya kwanza, 5,850,000, inunue alizeti siku hiyo hiyo kadiri itakavyotosha, kabla bei haijasogea.

Kabla ya kumjibu, kuna kipimo kimoja cha kufanya, kwa sababu hesabu yote hii imesimama juu ya kilo 80 kwa dumu. Namba hiyo uliipata lini? Kama ni Julai, kwa mbegu nyingine, usiiamini. Rekodi na mbegu chotara hazitoi mafuta sawa, na wakulima huuza zikiwa zimechanganyika. Mbegu iliyokaa ghalani pia imebadilika unyevu. Pima kilo 200 kutoka magunia ya sehemu mbalimbali za ghala, si ya mlangoni tu. Zikamue mashine ikiwa imeshapata moto, kwa sababu mafuta ya saa ya kwanza huwa machache. Acha mafuta yatulie siku mbili ili masimbi yakae chini, yachuje, ndipo upime. Ukipima yakiwa bado na ukungu utajidanganya.

Kilo 200 zikitoa lita 50, tuko sawa. Zikitoa 46 au 47, kila dumu linataka kama kilo 86 na oda itakula karibu kilo 900 zaidi. Hata ukiuza mashudu ya nyongeza, pengo ni zaidi ya laki 7, na oda ni ya hasara kwa bei ya 78,000 hata akikulipa taslimu. Hakuna kitu kingine kwenye barua yako chenye uzito wa namna hiyo, si umeme wala vibarua. Watu hubishana siku nzima juu ya mshahara wa mlinzi, na lita zinavuja pembeni.

Kuvuja kwenyewe kuna namna nyingine. Madumu mengi yanayouzwa kama ya lita 20 yakijazwa hadi shingoni hubeba zaidi ya hapo. Kwa mteja anayechukua dumu moja, ukimwongeza kidogo ni heshima. Kwa madumu 150, nusu lita kwa kila moja ni lita 75, nazo ni kilo 300 za alizeti, laki 3 za leo. Weka mzani. Mafuta ya lita 20 ni kilo 18.4, ongeza uzito wa dumu tupu, na mwambie kijana asimame hapo hapo.

Umeniuliza juu ya bei ya 78,000 na hukutaja wateja wako wa 96,000, lakini mimi nawafikiria. Hapo Katesh watu wanajuana. Madumu haya yakirudi kwenye maduka ya soko lenu, mwenye duka atakuuliza kwa nini yeye unamtoza 18,000 zaidi. Hadi Juni una madumu 200 ya kuwauzia hao. Wakikushinikiza ushuke 2,000 tu kwa dumu, umetoa 400,000, na faida ya oda imeisha. Wakikushusha 5,000, oda imekugharimu zaidi ya nusu milioni. Kwa hiyo mpatane kwa maandishi kwamba mafuta ni ya jikoni za shule, na yapelekwe huko moja kwa moja. Pakia asubuhi, gari lielekee Haydom. Na akitaka kuacha hata madumu 10 kwa rafiki yake wa Katesh, hayo ayalipie 96,000. Mwenye duka akikuuliza, una jibu la kweli: huyu amechukua 150 kwa mpigo, amelipa mbele, amekuja na gari. Yeyote atakayefanya hivyo mwezi wa Februari atazungumziwa.

Sasa nenda ukamjibu hivi. Bei yako ni 81,000, wiki 5, nusu kabla ya kuanza. Atashtuka, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Unaweza kushuka hadi 78,000 yake akikubali kulipa nusu mbele na kusubiri wiki 5. Kuna namna ya kumpa nafuu isiyokuumiza: shule zina madumu matupu tele stoo. Akiyaleta yakiwa safi na makavu, unaokoa bei ya kununua mapya, na unaweza kumpunguzia 2,000 kwa dumu na bado ukabaki na zaidi ya faida ile ya mwanzo. Ila yakaguliwe moja moja, lililowahi kubeba mafuta ya taa lirudi alikotoka nalo. Akishikilia siku 60 na wiki 3 kwa bei ile ile, mwache aende. Hizo tani 4 za ziada wauzie wachuuzi wa Singida.

Akirudi Juni na maneno hayo hayo, usimpe jibu la Februari. Wakati huo alizeti itakuwa imeshuka, na dumu litakugharimu kidogo kwa upande huo, lakini nje ya banda kutakuwa na foleni ya magunia ya watu na kila siku ya mashine itakuwa na mwenyewe. Wafugaji nao wataanza kuyatafuta mashudu. Utaanza tena kwa kuhesabu siku na tani, na bei ya chini itakayotoka inaweza kuwa juu au chini ya hii ya 75,250.